Mdogo wangu hajawahi kula kitimoto, tegu amefikaje kwenye ubongo wake?

*Daktari, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Mbozi. Mdogo wangu ana miaka 28, ni fundi ujenzi, amepanga chumba kwenye nyumba yenye wapangaji wengine na choo chao ni kimoja. Mwaka jana alianza kuanguka kifafa, jambo ambalo hakuwahi kuwa nalo utotoni. Kipimo cha CT kimeonyesha vifuko viwili vya maji na chembe tatu za chokaa kwenye ubongo, tukaambiwa ni tegu wa nguruwe. Sisi ni Wasabato, hajawahi kuonja kitimoto. Je, kipimo kimekosea? Watoto wako salama kukaa naye? Na hapa mtaani nguruwe wanazurura kila mahali, tufanye nini?*

Pole sana, Mwalimu. Kwa maelezo uliyonipa sioni sababu ya kukitilia shaka kipimo. Mtu ambaye hajawahi kugusa nyama ya nguruwe anaweza kabisa kupata vifuko vya tegu kwenye ubongo, na ukishajua anavyovipata utajua pia pa kuanzia hapo mtaani kwenu.

Tegu wa nguruwe humwingia binadamu kwa njia mbili, na kila njia huleta ugonjwa wake. Njia ya kwanza ndiyo inayojulikana. Mtu anakula nyama ya nguruwe ambayo haijaiva, yenye vifuko vidogo vyeupe ambavyo kila kimoja kimebeba kichwa cha mnyoo mchanga. Nyama ikishasagwa tumboni, kile kichwa kinajishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, na baada ya miezi kama miwili kunakuwa na tegu aliyekomaa, bapa kama utepe, mwenye urefu wa mita mbili hadi nne. Anaweza kuishi humo miaka kadhaa. Mwenye tegu huyu mara nyingi haumwi chochote. Hajui kabisa kwamba anaye.

Tegu akiwa utumboni hapandi kwenda kwenye ubongo. Kazi yake ni kutaga. Mwili wake umegawanyika katika vipande vipande, na vile vya mkiani vikishakomaa vinakatika na kutoka na choo kikubwa. Kipande kimoja kinaweza kubeba mayai kama 50,000. Mayai hayo hayaonekani kwa macho, yananata, na yanapotoka mwilini tayari yana uwezo wa kuambukiza papo hapo, hayasubiri kukaa ardhini kama ya minyoo mingine.

Njia ya pili ndiyo iliyomfikia mdogo wako. Mtu anameza mayai yenyewe, si nyama. Mwenye tegu ametoka chooni, hakunawa vizuri, akakanda unga, akakata kachumbari au akamlisha mtoto kwa mkono. Yai likifika tumboni kwa aliyekula, ganda lake linayeyuka, kiluwiluwi kinatoka, kinatoboa ukuta wa utumbo na kuingia kwenye damu. Damu inakipeleka popote: kwenye misuli, chini ya ngozi, kwenye jicho, kwenye ubongo. Kinapotua kinajijengea kifuko cha maji, kwa kawaida chenye upana wa nusu sentimita hadi sentimita moja. Vikiwa ndani ya ubongo ndiyo ugonjwa ambao madaktari huuita nyurosistisekosisi.

Yanayompata nguruwe ni hayo hayo. Anakula kinyesi cha mtu mwenye tegu, viluwiluwi vinakwenda kwenye misuli yake, na sisi tunamla. Kwa hiyo mdogo wako, kwa tegu huyu, amewekwa mahali pa nguruwe. Samahani kwa kulisema hivyo, najua linakera, ila wengi wakilisikia hivyo ndipo wanapoelewa kwa nini kutokula kitimoto hakukumlinda. Chanzo cha mayai siku zote ni utumbo wa binadamu. Kinyesi cha nguruwe hakina mayai ya tegu huyu, kwa sababu nguruwe hafugi tegu mkubwa tumboni mwake. Mbolea ya banda la nguruwe ina madhara yake mengine, lakini si hili.

Kuna kisa kilichoandikwa kitaalamu mwaka 1992 ambacho huwa nakitumia kuwaeleza madaktari vijana. Katika jiji la New York, Wayahudi wanne wa madhehebu yanayofuata sheria za dini kwa ukali walipatwa na kifafa, na vipimo vikaonyesha vifuko vya tegu kwenye ubongo. Hakuna aliyekula nguruwe kati yao. Wachunguzi walipofuatilia, walikuta kwamba familia hizo ziliajiri wasaidizi wa nyumbani waliotoka nchi za Amerika ya Kilatini ambako tegu ni wengi, na mmoja wa wasaidizi hao alikutwa na tegu tumboni. Hakuwa mgonjwa, na hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akipika tu.

Kuhusu watoto kukaa naye, jibu ni kwamba wako salama. Vifuko vilivyo ndani ya ubongo havitagi mayai na havina njia ya kutoka. Povu la mdomoni, mate, jasho au damu yake haviambukizi kifafa wala tegu, na hakuna haja ya kumtengea sahani. Anayeweza kuambukiza ni mtu mwenye tegu mkubwa utumboni, na kwa kuwa mdogo wako hali nguruwe, hawezi kuwa yeye. Akianguka, msogezeni mbali na moto na vitu vya ncha kali, mlazeni ubavu, msimwekee kitu mdomoni. Nimeona watu wengi zaidi wakiumizwa na mafiga na vijiko vilivyosukumwa kinywani kuliko na kifafa chenyewe. Mshtuko ukizidi dakika tano, au ukifuatiwa na mwingine kabla hajarudiwa na fahamu, apelekwe hospitali hapo hapo. Na kwa sasa asipande jukwaani kazini. Fundi anayeanguka kifafa akiwa juu ya ukuta ni hatari inayojulikana, na msimamizi wake ajulishwe ili ampe kazi za chini.

Sasa tuisome ile ripoti yake. Vifuko viwili vya maji na chembe tatu za chokaa maana yake ni kwamba kati ya viluwiluwi vitano vilivyotua kwenye ubongo, vitatu vimekwisha kufa na kuacha makovu magumu, na viwili bado viko hai au viko katika kufa. Hilo linatuambia kuwa hakuambukizwa mwaka jana. Askari wa Kiingereza waliohudumu India walifuatiliwa kwa miaka mingi baada ya kurudi kwao, na ripoti ya mwaka 1961 iliyokusanya wagonjwa 450 ilionyesha kuwa kwa wastani kifafa kilianza kama miaka mitano baada ya maambukizi, na wengine walichelewa zaidi ya hapo. Kwa hiyo yai alilomeza mdogo wako huenda alilimeza akiwa kwenye chumba kingine kabisa, au akiwa bado nyumbani kwenu. Usiharakishe kumnyooshea kidole mpangaji wa sasa.

Kwa nini basi kifafa kimeanza sasa na si miaka ile? Hapa pana jambo ambalo wagonjwa wengi hulishangaa. Kifuko kilicho hai kinajificha vizuri sana. Kinatoa kemikali zinazotuliza kinga ya mwili, na ubongo unakaa nacho kimya kimya bila hata maumivu ya kichwa. Taabu huanza kinapozeeka na kufa. Uwezo wa kujificha unapotea, maji ya ndani yanabadilika na kuwa mazito, na kinga ya mwili inagutuka kwamba kuna mgeni. Chembe hai za kinga zinakivamia, mishipa midogo ya damu inavuja majimaji, na sehemu ya ubongo inayokizunguka inavimba. Seli za ubongo zilizo kwenye uvimbe huo zinakuwa nyepesi kuchokozeka na zinaanza kurusha umeme bila mpangilio. Huo ndio mshtuko.

Kwa sababu hiyo kifafa cha tegu mara nyingi huanzia upande mmoja. Muulize mdogo wako, au aliyemwona akianza, kama kabla ya kupoteza fahamu kidole gumba kilianza kurukaruka, kisha mkono, kisha uso wa upande huo, ndipo mwili mzima ukafuata. Wengine husikia ganzi au mchomo upande mmoja kwa sekunde chache, wengine huona mwanga unaometameta. Mwambieni daktari maelezo hayo, kwani yanasaidia kujua ni kifuko kipi kinachosumbua.

Baada ya miezi au miaka, kifuko kilichokufa hunywea na kugeuka chembe ya chokaa yenye ukubwa wa milimita chache, ambayo kwenye picha ya CT huonekana nyeupe kabisa. Chembe hiyo haina mdudu ndani, lakini nayo inaweza kuchokoza ubongo: mara moja moja uvimbe hurudi kuizunguka, na mtu aliyekaa muda mrefu bila kuanguka anaanguka tena. Haina maana kwamba ameambukizwa upya, na si dalili kwamba dawa za kifafa zimeshindwa moja kwa moja.

Kutokana na haya utaona kwa nini matibabu hayafanani kwa kila mgonjwa. Mwenye chokaa tupu hapewi dawa ya kuua tegu, maana hakuna wa kuuawa. Anapewa dawa ya kifafa peke yake. Mdogo wako ana vifuko viwili vya maji, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema mtu mwenye kifuko kimoja au viwili vilivyo hai atibiwe kwa albendazoli pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe jamii ya deksamethasoni au prednisoloni. Vikizidi viwili huongezwa prazikwanteli. Kipimo cha albendazoli ni miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa siku 10 hadi 14. Mtu wa kilo 60 huishia kumeza miligramu 400 asubuhi na 400 jioni, pungufu kidogo ya hesabu hiyo. Imezwe pamoja na chakula chenye mafuta, kwa sababu tumbo likiwa tupu sehemu kubwa ya dawa hupita bila kuingia kwenye damu.

Nakuomba uniamini katika hili: asianze dawa hiyo nyumbani. Albendazoli inauzwa kila duka la dawa na bei yake ni ndogo, watu wanaimeza kama dawa ya minyoo ya kawaida, na ndugu wengi wakisikia "tegu kwenye ubongo" wanakwenda kununua pakiti nzima. Dawa ile inaua vifuko, na nimekwisha kueleza kinachotokea kifuko kinapokufa. Kati ya siku ya pili na ya tano maumivu ya kichwa na mishtuko vinaweza kuongezeka ghafla, na ndiyo maana dawa ya uvimbe hutangulizwa. Kabla ya kuanza, daktari lazima ahakikishe kuwa ubongo haujavimba wote na njia za maji yake hazijaziba, kwani katika hali hizo dawa ya kuua tegu inaweza kumaliza mtu. Macho yachunguzwe, kwa kuwa kifuko kikifia ndani ya jicho kinaweza kupofusha. Na kwa kuwa dawa za uvimbe hushusha kinga, apimwe kwanza kifua kikuu na maambukizi mengine yaliyojificha. Siku hizo za mwanzo ni vizuri alazwe.

Dawa ya kifafa, iwe kabamazepini, fenobabitoni au nyingine aliyopewa, inaendelea wakati wote huo. Vifuko vikiisha bila kuacha chokaa, na akakaa muda bila kuanguka, daktari anaweza kuipunguza taratibu. Lakini mdogo wako tayari ana chembe tatu za chokaa, kwa hiyo ajiandae kuitumia kwa miaka. Kinachowaangusha wengi ni kuiacha ghafla kwa sababu wamejisikia wazima, au kwa sababu zahanati ilikosa dawa wiki mbili na hawakutafuta pengine. Baada ya miezi sita hivi arudie kipimo cha picha ili kuona vile viwili vimefikia wapi.

Nije sasa mtaani kwenu. Sehemu za Mbozi na Mbeya, na kule kaskazini Mbulu, zimechunguzwa sana kwa habari ya tegu huyu. Katika utafiti wa Mbulu, watu wenye kifafa walipopigwa picha ya CT, karibu mmoja kati ya kila sita alikuwa na alama za tegu kwenye ubongo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi ambako tegu huyu ameenea, asilimia 30 ya kifafa chanzo chake ni yeye. Kifafa hicho kinazuilika, na ndicho kinachoniuma ninapowapokea vijana kama mdogo wako kliniki.

Pa kuanzia ni mtu mwenye tegu, kabla hata ya nguruwe. Mtu mmoja tu mwenye tegu anaweza kuchafua nyumba nzima kwa miaka, na akitibiwa mayai yanakoma. Tabu ni kumpata. Tegu wa ng'ombe hujitangaza, vipande vyake hutambaa vyenyewe na mtu huvikuta kwenye nguo za ndani. Vya tegu wa nguruwe hutoka taratibu vikiwa vimechanganyika na choo, na katika choo cha shimo nani anatazama? Kipimo cha choo kwa darubini nacho hukosa wengi, na hata kikiona mayai hakiwezi kutofautisha ya tegu wa nguruwe na ya tegu wa ng'ombe.

Kwa hiyo msitafute mwenye kosa. Ongeeni na zahanati ili nyumba yote anakopanga mdogo wako itibiwe siku moja, wanaokula kitimoto na wasiokula, pamoja na mama anayepika hapo uani kama yupo. Kila mtu akimeza, hakuna anayebaki ametajwa. Dawa ninayoipendelea kwa kazi hii ni niklosamidi, gramu mbili kwa mtu mzima, mara moja, na watoto hupunguziwa kulingana na uzito. Uzuri wake ni kwamba haiingii kwenye damu. Inamuua tegu utumboni na kuishia hapo, haigusi kifuko kilichojificha kwenye ubongo wa mtu asiyejijua. Prazikwanteli, ambayo ndiyo watoto wenu hupewa shuleni kwa ajili ya kichocho, nayo inamuua tegu utumboni, hata kwa kiasi kidogo cha miligramu 10 kwa kilo, lakini inafika kwenye ubongo. Watafiti waliofuatilia vijiji vya Mbozi na Mbeya waliona kuwa ugawaji huo wa shuleni uliwapunguza tegu tumboni mwa watu, jambo jema. Hata hivyo, mwanafunzi akipata mshtuko au kichwa kikali mno siku chache baada ya kumeza dawa ya kichocho, usichukulie kuwa ni njaa au woga. Mpeleke hospitali na uwatajie tegu.

Siku za mwanzo baada ya kumeza dawa, tegu hutoka vipande vipande akiwa na mayai yake, na dawa hizi haziyaui mayai. Kila mtu atumie choo na anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, akisugua chini ya kucha. Beseni moja ambalo wote wananawia kabla ya kula, kama tunavyofanya kwenye shughuli, halifai, kwa kuwa mayai ya wa kwanza yanabaki kwenye maji ya wa mwisho. Tumieni jagi au kibuyu chirizi. Kwa maji ya kunywa, chemsheni. Dawa ya klorini peke yake haitoshi kuyaua mayai haya. Mboga zinazoliwa mbichi zisuguliwe jani kwa jani chini ya maji yanayotiririka, hasa kama hujui iwapo shamba zilikotoka lina choo.

Na shamba ndipo mnyororo unapoendelea bila watu kuona. Mtu ana choo kizuri nyumbani, lakini akiwa kwenye kahawa au mahindi mchana kutwa anajisaidia vichakani, na baada ya mavuno nguruwe waliokuwa wamefungwa wanaachiwa wajitafutie. Nguruwe mmoja akila kinyesi hicho mara moja anaweza kuwa na vifuko mamia. Choo cha shambani, hata cha shimo dogo chenye mlango unaofungika, ni kinga kubwa. Choo bila mlango hakisaidii, nguruwe anaingia.

Kumfungia nguruwe bandani mwaka mzima kunazuia, ila wafugaji wanakataa kwa sababu ya kueleweka: aliyefungwa anahitaji kulishwa, na pumba zinauzwa. Mkiwahubiria tu mtashindwa. Kinachowashawishi ni hesabu ya soko. Mnunuzi mzoefu humlaza nguruwe, huuvuta ulimi na kuupapasa upande wa chini. Akigusa vinundu anaondoka, au anakata bei. Kipimo hicho kikiona, kimeona kweli, ila nguruwe wengi wenye vifuko vichache hupita wakiwa na ulimi laini. Aliyekataliwa hazikwi. Huchinjwa usiku nyuma ya nyumba na nyama kuuzwa bila muhuri, kwa kuwa mfugaji hafidiwi chochote mkaguzi akiitupa. Ndiyo sababu siwalaumu wafugaji peke yao.

Njia iliyoonyesha matokeo mazuri kuliko zote ni kumchanja nguruwe na kumpa dawa. Chanjo inaitwa TSOL18, ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Haiui vifuko ambavyo tayari vipo, ndiyo maana huambatana na dawa ya oksfendazoli, miligramu 30 kwa kilo ya nguruwe, mara moja. Dawa inasafisha vya zamani, chanjo inazuia vipya. Huko Kameruni, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2010, karibu nguruwe mmoja kati ya watano ambao hawakuchanjwa alikutwa na vifuko, na kati ya waliochanjwa na kupewa dawa hakupatikana hata mmoja. Peru, katika mkoa wa Tumbes, walikwenda mbali zaidi kwa kutibu watu na nguruwe kwa pamoja katika vijiji 107, na mwishoni maambukizi yalikuwa yamekatika katika vijiji 105. Ripoti yake ilitoka mwaka 2016.

Kwa hiyo wewe na mwenyekiti wa kijiji mwiteni ofisa mifugo na mganga wa zahanati mkae kikao kimoja. Mara nyingi wa mifugo anajua nguruwe wenye tegu ni wa nani, na mganga anajua kaya zenye kifafa, na hawajawahi kuonyeshana orodha zao. Kaya za orodha zote mbili ndizo za kuanza nazo. Muulizeni ofisa mifugo kuhusu chanjo na oksfendazoli. Vitoto vianze kuchanjwa vikiwa na miezi miwili au mitatu na virudiwe, maana dozi moja haitoshi. Nguruwe aliyepewa oksfendazoli asichinjwe kabla muda ulioandikwa kwenye chupa haujaisha, na hata hapo mabaki meupe ya vifuko vilivyokufa hubaki kwenye nyama kwa miezi kama mitatu, kwa hiyo dawa itolewe mapema, nguruwe angali mdogo.

Kwa majirani wanaokula kitimoto, ujumbe ni wa jikoni. Jiko la mkaa linababua nje huku ndani ya pande kubwa nyama bado ni ya waridi, na hapo kifuko ni kizima. Nyama ikatwe vipande vidogo au ichemshwe kwanza, ikichanika ndani pasiwe na wekundu wala maji ya damu. Ndimu, pilipili na moshi haviui kitu. Mkikuta punje nyeupe ndani ya nyama, msizichokonoe na kuendelea kupika. Irudisheni na mwambieni ofisa mifugo ilikonunuliwa.

Na Mwalimu, ukienda na mdogo wako kliniki, beba picha zenyewe za CT, si karatasi ya majibu peke yake. Muulize daktari kama vile vifuko viwili vina uvimbe pembeni na kama kichwa cha mnyoo kinaonekana ndani yake. Kama picha haiko wazi, kipimo cha MRI kinaonyesha vizuri zaidi, na kwa mdogo wako uamuzi wa kuanza albendazoli unategemea jibu hilo.